Kila Shati Lina Matundu

Muuzaji wangu wa mitumba pale Kongowea ashanizoea. Wateja wengine hukagua kola, kwapa na zipu. Mimi hutia mkono ndani ya shati, nikalinyanyua kuelekea upande wa mbingu usio na jua, kisha nikatazama. Vidole vikionekana kimoja kimoja, narudisha. Nikiona kivuli cha mkono tu, ndipo naanza kuuliza bei. Siku za mwanzo alidhani natafuta palipotafunwa na wadudu. "Dada, hilo halina tundu hata moja," akasema. Nikamwambia kila shati lina matundu, tena maelfu. Kinachotofautiana ni ukubwa wake.

Nina ualbino. Ngozi yangu haina melanini ya kutosha, ile rangi inayofanya kazi ya ulinzi kwa watu wengi wa pwani hii bila wao kujua kama kuna kazi inafanyika. Kwa mtu kama mimi, kazi hiyo lazima ifanywe na kitu kingine: losheni, ukuta, mti, kofia au nguo. Ikiwa hakuna kinachoifanya, ngozi huungua, hukakamaa, hutoa vidonda, na hatimaye huweza kupata saratani. Katika Afrika Mashariki saratani ya ngozi huwapata watu wenye ualbino mapema sana, wengine wakiwa katika miaka ya ishirini au thelathini, na mara nyingi huanzia kichwani, usoni, masikioni na shingoni. Yaani pale pale ambapo kofia ingefika, au nusura ifike.

Kenya ina bahati fulani hapa. Serikali, kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, imekuwa na mpango wa kuwapa watu wenye ualbino losheni ya kuzuia jua bila malipo. Lakini losheni inatakiwa ipakwe upya kila baada ya saa mbili hivi, na katika jasho la Mombasa hata saa mbili ni nyingi. Nguo haihitaji kupakwa upya. Ukiivaa asubuhi, unayo mpaka jioni. Ndiyo maana kwangu nguo inatangulia, na losheni inamalizia zile sehemu ambazo nguo haiwezi kufika.

Sasa, nguo gani? Hapo ndipo kila mtu Bombolulu ana ushauri, na ushauri wenyewe karibu wote ni kuhusu joto. "Vaa nyeupe, nyeupe inarudisha jua." "Vaa nyepesi, upate hewa." Ni ushauri wa mapenzi, na kwa joto una ukweli. Lakini jua linalokutoa jasho silo linalokuunguza. Joto unalihisi. Miale inayounguza, ile ya urujuanimno, huihisi na wala huioni. Mwezi wa saba upepo wa kusi unavuma, mawingu yametanda, watu wanasema leo hakuna jua, na miale hiyo inaendelea kupenya kwenye mawingu mepesi. Mtu anayejikinga kwa kusikiliza joto atavua shati lake la mikono mirefu siku hiyo hiyo ambayo bado analihitaji.

Mimi naona ni rahisi kulifikiria suala hili kama chujio. Kitambaa ni nyuzi zilizopishana, na kati ya nyuzi kuna nafasi. Mwale unaopita kwenye nafasi unafika kwenye ngozi kana kwamba hukuvaa kitu. Mwale unaogonga uzi, ama unarudishwa, ama unamezwa, ama unapenya uzi wenyewe ukiwa umepungua. Basi maswali ni mawili tu. Nafasi ni kubwa kiasi gani? Na uzi wenyewe unameza kiasi gani?

Kuna kipimo chake. Waaustralia, ambao jua lao ni kali na wengi wao ni weupe, walichapisha kanuni ya kupima nguo mwaka 1996, na siku hizi utaona herufi UPF kwenye lebo za baadhi ya nguo. Namba inayofuata herufi hizo hugawanya. UPF 50 maana yake sehemu moja tu kati ya hamsini ya miale inapita. Fulana nyeupe ya kawaida ya pamba, ile iliyojaa kila duka, huwa kati ya 5 na 7 hivi. Kwa mtu mwenye melanini hiyo inatosha kabisa. Kwangu mimi, fulana hiyo ni sawa na kukaa juani bila nguo kwa dakika kumi katika kila saa moja. Kutwa nzima ufukweni Nyali, hesabu unaiona mwenyewe.

Ikilowa, mambo yanaharibika zaidi. Maji yanajaza zile nafasi na kufanya pamba nyeupe ipitishe mwanga, kama karatasi iliyoingia mafuta. Fulana ya 7 hushuka mpaka karibu 3, yaani theluthi moja ya miale inapita. Wale watoto wanaoingia baharini na fulana zao kwa sababu mama kasema wajikinge wanaogelea na kinga ambayo imekwisha nusu. Na jasho ni maji pia. Mgongo wa shati uliolowa saa saba mchana umeshaacha kuwa shati lile ulilovaa asubuhi.

Kunyoosha nako kunafungua matundu. Nguo ya kubana, inayovutika kwenye mabega, inaachanisha nyuzi zake pale pale panapopigwa na jua zaidi. Hii ndiyo sababu nanunua saizi moja juu. Marafiki zangu wanasema navaa kama nimeazima nguo kwa kaka. Sawa tu. Nguo pana inakaa mbali na ngozi, hewa inapita kati, na nyuzi zinabaki zimesongamana kama zilivyotoka kiwandani.

Halafu rangi. Hapa ndipo watu hubishana nami sana.

Rangi nyeusi, buluu iliyokoza, nyekundu iliyokoza: hizi humeza miale. Nyeupe na rangi hafifu huacha mingi ipite. Chukua kitambaa kilekile, ufumaji uleule, uzito uleule, kimoja ukitie rangi ya buluu iliyoiva na kingine ukiache cheupe: cha buluu kitakinga zaidi. Ndiyo, kitakuwa na joto zaidi kikipigwa na jua, kwa sababu alichosema jirani kuhusu nyeupe kurudisha joto ni kweli. Lakini buibui, jeusi, pana, lisilogusa mwili, limetembea katika jua la Mombasa miaka mingi, na ukiwauliza wanaolivaa watakwambia upana ndio unaofanya livumilike. Joto la rangi linabaki kwenye kitambaa, na upepo unaopita chini yake unaliondoa. Buibui jeusi la kubana lingekuwa adhabu.

Nyeupe nayo hazifanani. Pwani yetu ina majina mawili ya zamani ya vitambaa vya pamba yanayoeleza jambo hili vizuri kuliko lebo yoyote: merikani na bafta. Merikani ni ile pamba ghafi, ngumu, ya rangi ya maziwa yaliyochachuka kidogo, iliyopata jina lake kwa sababu katika karne ya 19 ililetwa na meli za Wamarekani, wengi wao kutoka Salem, Massachusetts. Haijang'arishwa. Bafta ni nyeupe pee, laini, nyepesi. Pamba ghafi ina vitu vyake vya asili, ile rangi ya manjano hafifu, ambavyo humeza urujuanimno. Ukiing'arisha kwa dawa unaviondoa, na kitambaa kinapendeza zaidi na kukinga kidogo zaidi. Kwa hiyo kitambaa cha bei ya chini, kile ambacho mabibi walikiona cha kazi za shamba, ndicho kingemfaa mtu kama mimi.

Kipimo changu cha kuinua shati kina mipaka yake, na ni vizuri kuijua. Macho yanaona mwanga wa kawaida. Hayaoni urujuanimno. Polista ni mfano mzuri: kitambaa chake cheupe kinaweza kuonyesha kivuli cha vidole, na bado uzi wenyewe unameza sehemu kubwa ya miale inayounguza kuliko pamba nyeupe ya uzito huo huo. Yaani kipimo cha macho kinaidhulumu polista na kuisifu pamba. Kwa hiyo nakitumia kama mlango wa kwanza. Kitambaa kinachovuja mwanga mwingi sikitaki, kiwe cha nini. Vilivyobaki nachagua kwa mpango huu: kilichosongamana kabla ya kilicholegea, kilichokoza kabla ya kilichopauka, na kama lazima kiwe cheupe, basi kiwe na polista ndani.

Hilo la mwisho lilikuja kuwa na maana mwaka jana, binti ya jirani yangu alipofika wakati wa kuanza gredi ya kwanza. Ana ualbino kama mimi. Ana miaka sita, mdomo wake haupumziki, na mamake alikuja kwangu na karatasi ya shule ya orodha ya sare: shati jeupe mikono mifupi, sketi ya buluu, soksi nyeupe, viatu vyeusi. Kofia haikutajwa. Akaniuliza, "Dadangu, nianzie wapi?"

Tukaanzia kwenye ratiba, kabla ya nguo. Kuna kanuni ya kivuli ambayo haihitaji chombo: kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, miale ni mikali. Mombasa iko digrii nne tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua letu halichezi mbali. Mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 10 Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, linapita juu ya utosi kabisa, na mtu aliyesimama wima hukanyaga kivuli chake. Adhuhuri yetu halisi huangukia kati ya saa sita na dakika tano na saa sita na nusu na kidogo. Ukihesabu saa tatu kabla na saa tatu baada, unapata karibu saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Tukaiweka ratiba ya shule kando ya hesabu hiyo. Mapumziko yote mawili na michezo yote viliangukia ndani.

Mamake akaenda kuongea na mwalimu wa darasa. Michezo haikuweza kuhamishwa kwa darasa zima, lakini mwalimu alikubali paredi ya asubuhi isimame upande wenye kivuli cha jengo, na mtoto acheze chini ya mwembe ulio karibu na lango. Mwembe, si minazi iliyo nyuma ya vyoo. Kivuli cha mnazi ni kivuli cha picha. Makuti yanapepea, jua linapita kama maji kwenye ungo, na mti wenyewe uko juu sana hivi kwamba unaiona mbingu pande zote. Mwembe mkubwa umeshikana majani na matawi yake yameshuka.

Habari ya kuiona mbingu ndiyo watu wasiyoijua kuhusu kivuli. Miale ya urujuanimno haiji kutoka kwenye jua peke yake. Hewa huitawanya, ikaja kutoka mbingu nzima, hasa ile ya buluu. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa kando ya ziwa moja Texas. Watu 81 walikaa ufukweni saa tatu na nusu mchana, nusu yao chini ya mwavuli mkubwa wa ufukweni bila losheni, nusu yao juani wakiwa wamepaka losheni kali. Walioungua mahali fulani mwilini katika kundi la mwavuli walikuwa asilimia 78, na katika kundi la losheni asilimia 25. Jaribio lilifanywa na watu wa kampuni inayouza losheni, hilo tuliweke moyoni, lakini somo la kivuli linabaki. Hakuna aliyetoka chini ya mwavuli kimakusudi. Jua halikuwapata, mbingu iliwapata, pamoja na mchanga, kwa maana mchanga mkavu hurudisha karibu asilimia 15 ya miale inayoupiga. Basi ukikaa kivulini usiulize kama jua linakuona. Uliza unaona mbingu kiasi gani. Ukiiona nyingi, nayo inakuona.

Baada ya ratiba tukaenda kwa fundi. Bombolulu si mahali pa kukosa mafundi. Jina lenyewe, kwa mtu wa nje, linamaanisha zile karakana za watu wenye ulemavu zilizoanza mwaka 1969, ambako watu wameshona, wamechonga na kutengeneza mapambo kando ya barabara ya Malindi kabla mimi sijazaliwa. Fundi wetu ana cherehani yake barazani, mitaa ya ndani. Mzee wa maneno machache. Nikamwambia tunataka shati jeupe la sare, lakini mikono mirefu, saizi moja juu, kitambaa cha pamba na polista, kizito.

"Mtoto atapikika, mwanangu," akasema.

Alikuwa na haki ya kuuliza. Ndipo tukafanya hesabu ya tabaka. Kitambaa tulichokichagua, tuseme kinapitisha sehemu moja kati ya kumi. Ukiweka tabaka mbili, ya pili inapokea ile moja ya kumi na kupitisha moja ya kumi yake. Zinazidishana: unabaki na sehemu moja kati ya mia. Kwa nguo halisi hesabu haiwi safi hivyo, lakini mwelekeo ndio huo, kuongeza tabaka kunalipa sana. Na huhitaji tabaka mbili kila mahali. Jua la ikweta linatoka juu. Linapiga mabega, mgongo wa juu na sehemu ya juu ya mikono. Mbavu na kiuno linazigusa kidogo tu. Kwa hiyo fundi alitia bitana mabegani, akaishusha mpaka katikati ya mgongo, akaifikisha nusu ya mkono, na ubavuni akaacha tabaka moja ili hewa ipite. Kola akaifanya ya kusimama kidogo, sentimita tatu, izibe shingo nyuma. Kwa mbali shati lilikuwa la sare kama la wenzake.

Kofia ilichukua muda zaidi. Kepi, ile ya mdomo mbele, watu huidhania kofia ya jua, kumbe ni kofia ya paji la uso. Masikio na shingo inaziacha wazi, na kwetu sisi hayo ndiyo maeneo ya hatari. Kofia za ukili ni nzuri zikisukwa kwa kubanwa, lakini ziinue kwanza: nyingi za sokoni zina vitundu, na mtu anatembea na nyota za jua usoni. Tulichotaka ni ukingo wa mzunguko mzima, usiopungua sentimita 7 na nusu, wa kitambaa kizito.

Tukampima mtoto kichwa: sentimita 50. Tukaongeza moja ya nafasi, ikawa 51. Ukigawanya kwa 3.14 unapata duara lenye upana wa sentimita 16 na kidogo. Ukingo wa sentimita 8 pande zote mbili unaongeza 16 nyingine, jumla 32. Fundi akakata duara la sentimita 34, ili abaki na moja ya mshono kila upande, na katikati akatoa duara la 14, kwa sababu hiyo hiyo. Vipande viwili: cha juu kaki nzito, cha chini buluu iliyokoza ya sketi. Katikati akatia kile kitambaa kigumu cha kola, kisha akazungusha mistari ya mshono kama sahani, sita, ili ukingo usilale. Ukingo unaolala usoni unamfanya mtoto aukunje juu, na ukishakunjwa umebaki na kofia ya mapambo.

Ile buluu ya chini ilikuwa na sababu. Uwanja wa shule ni mchanga mweupe. Miale inayorudi kutoka chini inagonga upande wa ndani wa ukingo, na kama upande huo ni mweupe, sehemu yake inarushwa usoni. Rangi iliyokoza inaimeza. Kuna faida ya pili ambayo mtu asiye na ualbino haioni: macho. Macho yetu hayavumilii mwangaza, na ukingo mweusi chini unayapumzisha. Mtoto alipoivaa mara ya kwanza alisema, "Saa hii naweza kufungua macho." Mamake akageuka kutazama barabara.

Mwisho, kamba ya kidevuni. Upepo wa Mombasa unajua kofia za watu.

Swali lililobaki lilikuwa tutajuaje kama inafanya kazi. Kuungua kwa jua hakuonekani papo hapo. Wekundu hujitokeza baada ya saa tatu hadi tano na kukolea usiku au kesho yake, kwa hiyo mtoto anayerudi saa tisa anaweza kuonekana mzima. Nikamwambia mamake amkague saa ya kulala, kwa tochi, kila siku ya wiki ya kwanza: ncha za masikio, nyuma ya shingo, pembetatu ya chini ya koo, migongo ya viganja, juu ya nyayo, midomo. Wekundu wenye mpaka ulionyooka hukuonyesha nguo inapoishia. Wekundu usio na mpaka, chini ya kitambaa, hukuonyesha nguo inayovuja.

Siku ya tatu akanitumia picha. Mabega safi. Masikio safi. Migongo ya viganja ilikuwa imeiva, na kulikuwa na mstari kwenye nyayo, pale mkanda wa kiatu unapoishia na soksi imeteremka. Fundi akaongeza sentimita nne kwenye mikono ya shati ili ifunike mpaka kwenye vidole akiwa anacheza, na soksi zikabadilishwa kwa nzito za kufika gotini. Viganja vikawekewa losheni, pamoja na uso na midomo. Wiki ya pili picha haikuja. Nilipopita nyumbani kwao jioni nikamuona akiruka kamba barazani, kivulini, kofia ikiwa imening'inia mgongoni kwa kamba yake.

Nami nina mazoea yangu, ambayo hayaonekani ila kwa mwenye kujua. Natembea na mwavuli mweusi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, walipima miavuli ya kawaida ya mvua na kukuta kwamba myeusi yote ilizuia angalau asilimia 90 ya miale, na ya rangi nyingine ilianzia chini zaidi. Lakini baada ya ile habari ya mbingu, siufungui mwavuli nikavua kofia. Mwavuli unashughulika na jua, kofia na kola zinashughulika na mbingu. Na mwavuli unaoonyesha vitundu mahali ulipokunjwa miaka mingi naubadilisha, hata kama bado unazuia mvua.

Kwenye matatu ya kwenda tauni nakaa upande wa dereva. Barabara kutoka Bombolulu mpaka daraja la Nyali kwa sehemu kubwa inaelekea kusini magharibi. Asubuhi jua liko mashariki, yaani nyuma yetu upande wa kushoto. Jioni tunarudi kaskazini mashariki na jua limehamia magharibi: tena kushoto, tena nyuma. Kwenda na kurudi, kiti cha kulia ndicho cha kivuli. Kioo cha pembeni cha gari hakisaidii vya kutosha, kwa sababu kinazuia miale mifupi inayounguza haraka lakini kinapitisha mingi ya ile mirefu, inayozeesha na kuharibu ngozi polepole. Kama kiti cha kulia kimejaa, nafungua leso begani. Leso yangu ya safari ni nyekundu iliyoiva na nyeusi, naikunja mara mbili. Makondakta wanadhani nasikia baridi.

Kitu kimoja mamake yule mtoto alikiuliza wakati tukilipa, nami nikaona ndilo swali la maana kuliko yote. Kofia hii itadumu mpaka lini? Kichwa kitakua, nikamwambia, na kaki itapauka. Ikipauka rangi yake haimezi tena kama mwanzo, na ikichakaa nyuzi zinalegea. Kwa hiyo kila mwanzo wa muhula, kabla ya daftari na kabla ya viatu, mpime kichwa, tia mkono ndani ya ukingo, inua. Fundi alikuwa akisikiliza. Akatoa kipande cha karatasi ya pakiti ya sukari, akaandika: 50, 8, 34, 14, akakibana kwa pini ukutani juu ya cherehani. "Mwakani," akasema, "tuanze na kichwa."